Milango ya Prof Mulumba

Mulumba alijua hesabu kuliko mtu yeyote aliyewahi kushika chaki Kolwezi, na mwandiko wake ulikuwa aibu. Saba yake ilifanana na moja, moja yake ilifanana na mkwaruzo, na alama ya kipeuo cha pili aliichora kama mtu aliyeshtuliwa na nyuki. Kwa hiyo siku alipopata wazo la kuwatengenezea watahiniwa wake mifano ya marudio, hakujidanganya. Alivuka uwanja wa shule, akaingia darasa la jiografia, akasimama mbele ya ramani ya mto Lualaba iliyochorwa ubaoni kwa chaki za rangi, akaitazama mpaka mwenye ramani akaona haya.

"Mama Adolphine," akasema, "mi nataka huu mukono."

Adolphine Ngoy alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikulia Mutshatsha, binti wa karani wa reli, na hesabu alikuwa ameikimbia tangu kidato cha tatu bila kugeuka nyuma. Alimwambia hivyo hivyo. Mulumba akajibu kwamba yeye hakuja kuomba kichwa, amekuja kuomba mkono. Kichwa atakileta mwenyewe. Mtu mwingine angenuna. Adolphine alicheka, na kazi ikaanza siku ile ile.

Huo ulikuwa mwisho wa mwaka 1992, na kampuni ya shaba iliyolisha mji mzima ilikuwa inakufa taratibu, kama mgonjwa ambaye ndugu hawataki kumtaja. Vitabu vya marudio havikuwapo. Mashine ya kurushia maandishi ukutani, ambayo shule ilijivunia sana, ilibebwa na waporaji pamoja na viti na bomba la choo. Kilichokuwapo ni hiki: mke wa Mulumba, mama Tshiela, alikuwa nesi, na hospitalini kwake kulikuwa na maboksi ya filamu za zamani za eksirei zilizongoja kutupwa. Filamu ya eksirei ukiiloweka katika maji ya javel, yale ya kung'arishia nguo, ule weusi unalainika na kutoka wote, mifupa na kila kitu, unabaki na karatasi ngumu ya plastiki inayopitisha mwanga, ya samawati kidogo, kubwa kuliko sinia. Walizilowesha katika beseni la kufulia, wakazisuuza, wakazianika kwenye kamba nyuma ya shule. Filamu ya kumi na nne hawakuiosha vizuri. Mpaka mwisho ilikuwa na mbavu mbili za mtu asiyejulikana.

Juu ya filamu hizo Adolphine aliandika, kwa kalamu ya wino usiofutika kwa maji, yale ambayo Mulumba alimchorea katika daftari lake lenye mwandiko kama kuku amepita. Swali juu, hatua chini yake, kila hatua mstari wake. Kisha juu ya kila hatua wakabandika kipande cha katoni ya maziwa, upande mmoja tu, kwa plasta ya kidonda, ili kifunguke kama mlango. Filamu ikibandikwa kwenye kioo cha dirisha, mwanga wa jua ulipita kwenye swali, na hatua zote zilikuwa giza. Ukifungua mlango mmoja, mstari mmoja ulimulikwa. Filamu zilikuwa sitini, mafungu sita ya kumi kumi, na wanafunzi wakaziita Milango.

Lakini uzuri wa Milango haukuwa katoni, wala mwandiko, ingawa mwandiko ulikuwa mzuri. Uzuri ulikuwa ule ukaidi wa Mulumba. Alisimama kando ya dirisha, kidole juu ya mlango wa kwanza, na hakufungua. Watahiniwa kumi na wanne wa hesabu na fizikia walisongamana mbele yake, na mmoja alipaswa kusema kwanza kuna nini nyuma ya mlango, na kwa nini. Akisema bila sababu, mlango haufunguki. Akisema sababu nusu, mlango haufunguki. Kuna siku mlango mmoja ulikaa umefungwa robo tatu ya saa, na Dodo, mchekeshaji wa darasa, akauliza kama Prof amepoteza ufunguo. Mulumba akangoja tu. Hatimaye mtu alisema kitu cha maana, katoni ikafunguliwa, na mstari uliokuwa nyuma yake ulikuwa ule ule uliosemwa. Darasa zima lilipiga kelele kama limefunga goli.

Adolphine alikuwa akiona hayo akipitisha kichwa mlangoni, na alimhusudu mtu yule waziwazi. Katika miaka yake yote ya shule, walimu wake wa hesabu walikuwa wamejaza ubao kutoka kona mpaka kona, yeye akanakili, akafika nyumbani na daftari lililojaa na kichwa kitupu. Hakuna aliyewahi kufunika kitu ili yeye akifikirie.

Basi ikaja Machi. Maneno yaliyokuwa yakisemwa redioni na kwenye mikutano kwa miezi mingi yalishuka mitaani na marungu. Watu wenye asili ya Kasai, waliozaliwa Kolwezi na baba zao wakazaliwa Kolwezi, waliitwa wadudu na kuambiwa warudi kwao. Nyumba ziliwekwa alama. Familia zilikimbilia stesheni ya reli na magodoro na masufuria, zikakaa huko kungoja treni ambayo hakuna aliyejua siku yake.

Mulumba, ambaye babu zake walitoka Kasai, alipata dakika ishirini za kuondoka. Vijana walikuwa tayari getini mwa shule alipoingia darasa la jiografia na bonge la kitenge mikononi, filamu zote sitini zikiwa ndani.

"Fungua mulango moja moja," alimwambia Adolphine. "Kama hawajasema, usifungue. Njo ile tu."

"Prof, mi sijue hesabu!"

"Hata bale banajua, hawakujua siku ya kwanza," akasema, na akatoka kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amevaa viatu visivyofanana. Adolphine aliviona, na jambo hilo lilimuuma kwa siku nyingi kuliko mambo makubwa.

Watahiniwa watano wa asili hiyo hiyo walikwenda na Mulumba stesheni, Kalombo akiwa mmoja wao, yule aliyekuwa bora kuliko wote. Wakabaki tisa. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi mitatu, na bila mtihani ule mtoto wa Kolwezi alikuwa na njia moja tu, kushuka Mutoshi kuchimba mawe kwa mikono. Mkuu wa shule, tata Gracien, alizunguka kutafuta mwalimu wa hesabu katika mji uliokuwa umewafukuza walimu wake, akarudi mikono mitupu, akamwita Adolphine ofisini.

"Weye njo uliandika ile bitu," akasema bila kumtazama usoni.

"Niliandika, tata. Kuandika na kujua si kitu moja."

"Najua. Lakini mi sina mungine."

Adolphine alichukua darasa. Alichofanya ni kile pekee alichoweza kufanya: kila alasiri alijifungia peke yake na filamu za kesho yake, akabandika moja dirishani, akajiuliza kwa sauti kuna nini nyuma ya mlango wa kwanza na kwa nini, na akajikataza kufungua kabla hajasema. Mwanzo ilikuwa mateso. Mkono wake uliwahi kuandika kila mstari, na wakati mwingine mkono ulikumbuka kabla ya kichwa; hapo alijiambia hapana, mkono unyamaze, kichwa kiseme. Alikaa mbele ya mlango mmoja mpaka chai ikapoa na jua likahama kioo. Alirudi kwenye vitabu vya kidato cha tatu, pale pale alipotorokea, akaanza upya kama mtu anayerudia njia kutafuta kitambaa alichoangusha. Wiki ya pili alifungua milango mitano mfululizo na yote ilikuwa vile alivyosema, akajikuta amesimama katikati ya chumba anacheka peke yake.

Darasani alikuwa mkali kuliko Mulumba. Tisa wale walimjaribu, wakamkuta chuma. Joyeuse, msichana mwenye sauti ndogo ambaye zamani alijificha nyuma ya Kalombo, sasa hakuwa na wa kujificha nyuma yake, akaanza kusema. Mafungu matano yalikwisha. Likabaki la sita, la mwisho, ambalo Mulumba hakuwahi kulifikia na darasa hili.

Jambo moja hakulifanya. Hakwenda stesheni. Wiki tatu zilipita na watu wale walikuwa wanalala chini umbali wa nusu saa kwa miguu, na yeye akajiambia ana kazi nyingi. Ukweli ni kwamba aliogopa. Jirani yake mmoja alipigwa kwa kupeleka unga kule, na vijana wa geti la stesheni walikuwa wanamjua yeye kwa jina. Aliogopa, na aliona aibu kuogopa.

Jumamosi moja asubuhi walifika filamu ya nane ya fungu la sita. Juu kulikuwa na swali hili: (½)ˣ < ⅛, na chini yake majibu matano ya kuchagua, kama mtihani wenyewe unavyofanya. Dodo alisema mlango wa kwanza: tunachukua logariti pande zote mbili, x inashuka chini, inakuwa x mara ln ½ ndogo kuliko ln ⅛. Katoni ikafunguliwa, ndivyo. Mwingine akasema wa pili: ⅛ ni nusu mara nusu mara nusu, kwa hiyo ln ⅛ ni 3 mara ln ½. Ikafunguliwa, ndivyo. Joyeuse akasema wa tatu.

"Tunagawanya pande zote kwa ln ½, Madame. Inabakia x ndogo kuliko 3."

"Juu ya nini?" Adolphine akataka sababu.

"Juu iko pande zote mbili."

Adolphine alifungua. Nyuma ya mlango, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri, palikuwa pameandikwa x < 3. Mlango wa nne ulitaja jibu: herufi b, nambari zote zilizo chini ya 3. Darasa lilishangilia. Yeye mwenyewe jana yake alikuwa amesema hivyo hivyo na milango ikamkubalia.

Walipotoka, alibaki kupangusa ubao, na kwa kuwa mkono wake haujui kukaa bure, akachora. Alichora ile nusu kwa kipeo x kama anavyochora mteremko wa mlima kwa wanafunzi wa jiografia. Kwenye sifuri mlima una urefu wa moja. Kwenye moja, nusu. Kwenye mbili, robo. Kwenye tatu, moja ya nane. Kwenye nne, moja ya kumi na sita. Mlima unashuka kuelekea mashariki, haupandi tena. Akachora mstari mlalo kwenye kimo cha moja ya nane, akatafuta mlima uko chini ya mstari upande gani, kama anavyouliza watoto wadogo mafuriko yatafika wapi. Ulikuwa chini upande wa mashariki. Baada ya tatu, si kabla yake.

Alirudia. Akaweka nne: moja ya kumi na sita ni ndogo kuliko moja ya nane, kwa hiyo nne inafaa, na mlango unasema haifai. Akaweka moja: nusu si ndogo kuliko moja ya nane, kwa hiyo moja haifai, na mlango unasema inafaa. Akarudi kwenye mlango wa tatu, na hapo akaona. Logariti ya nusu ni nambari hasi. Ukigawanya kwa nambari hasi, alama ya ndogo-kuliko inageuka kuwa kubwa-kuliko. Jibu lilikuwa x > 3.

Mtu mwingine angefurahi. Adolphine alisogea dirishani na kuukagua ule mstari. Mwandiko ulikuwa wake. Mulumba hawezi kukosea kitu kama hicho. Basi yeye ndiye aliyekosea kunakili, na daftari la Mulumba limekwenda na Mulumba, na kama amekosea hapa, amekosea wapi kwingine? Milango mia tatu na kitu. Amewafundisha watoto tisa kwa ukali wote ule, na huenda amewapandia uongo kichwani kwa mwandiko wa kupendeza. Alishika chupa ya spiriti ili afute ule mstari, akaiweka chini. Kufuta mmoja kungesaidia nini? Alizifunga filamu zote sitini katika kitenge, akajitwika kichwani, akaenda stesheni. Woga haukumtoka. Safari hii tu alikuwa na woga mwingine mkubwa zaidi.

Getini mwa stesheni vijana walimuuliza amebeba nini. "Eksirei," akasema, na kwa namna fulani ilikuwa kweli. Wakampisha.

Stesheni hakuijua. Watu walijaa mpaka juu ya reli, chini ya mahema ya mashuka, moshi wa kuni za makabati yaliyovunjwa ukielea kila mahali. Treni ya mabehewa ya mizigo ilikuwa imefika alfajiri, na watu walikuwa wanapandisha vitu, wengine wakiita majina ya watoto. Alimkuta mama Tshiela akimsafisha mtoto wa mtu kidonda kwa maji ya moto, mwenyewe akiwa amekonda. Adolphine alianza kuomba msamaha wa wiki tatu. Mama Tshiela alimkatiza.

"Umekuya," akasema. "Tata eko kule, kwa wagon ya pili."

Mulumba alikuwa ameketi juu ya sanduku na ndevu zilizoota nyeupe. Alipoona kitenge kinashushwa alisimama. Adolphine hakumsalimu hata. Alikuwa ameyabeba maneno yale njia nzima.

"Prof, nimeharibu. Niliandika mubaya. Fungu ya sita, ya nane, mulango ya tatu. Niliandika ndogo kuliko, inapashwa kuwa kubwa kuliko, juu ln ya nusu iko négatif. Sijue pengine nilikosea wapi. Angalia zote, nakuomba, mbele treni iende."

Mulumba aliitazama filamu, akamtazama yeye. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu ambaye hakucheka kwa mwezi, kikavu mwanzoni, mpaka mama Tshiela akageuka kutazama.

"Haukukosea, mama. Uliandika ile mi nilikupatia. Ule mulango unabeya, na mi njo niliubeyesha."

Akamweleza uongo huo wa mlango, haraka, kwa sababu mabehewa yalikuwa yanajaa. Kila mwaka, hata zamani kwa ubao na karatasi, katika fungu la mwisho aliweka hatua moja ya uongo. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Wanafunzi waliokwisha kuipita waliapishwa kunyamaza. Alipofika pale alifungua mlango, akanyamaza, akangoja.

"Batoto banazoea mulango," akasema. "Banasema kitu, mulango unakubali, banafurahi. Nyuma banaanza kuamini mulango kupita kichwa yabo. Na kule kwa egzamen hakuna mulango. Kuko majibu tano, na mwenye kutunga anajua makosa yako, anaiandika muzuri, anakungojea pale. Lazima siku moja mulango ukubeyeshe, weye useme hapana." Akaiweka filamu chini. "Nani aliona?"

"Miye."

"Batoto?"

"Hawakuona. Na mi jana sikuona. Nimeona leo, nilichora mulima."

"Mulima gani?"

Akamchorea kwa kidole kwenye vumbi la behewa: mteremko, mstari mlalo, upande wa mashariki. Mulumba aliinama juu ya mchoro ule kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili. Alikuwa amefundisha kwa miaka kumi na tisa, na hakuwa amewahi kuufungua mlango ule kwa njia hiyo.

"Iko muzuri," akasema mwisho. "Iko muzuri sana, mama Adolphine." Akajifanya anakohoa moshi.

Wakati huo Kalombo alikuwa amesogea, na watahiniwa wenzake nyuma yake, Fifi, Henri na wawili wengine. Walikuwa wachafu na macho yao yalikuwa makubwa. Kalombo aliokota filamu bila kuomba ruhusa, akaiinua juu ili anga lipite, akafunika kwa kiganja mistari ambayo milango yake ilikuwa imeachwa wazi, akashusha kiganja mstari mmoja mmoja. Alipofika wa tatu alisimama.

"Simama," akasema. "Hii hapana."

Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amekaa wiki tatu chini bila daftari. Adolphine aliwaza kwamba kule Kasai, ambako mtoto huyu hajawahi kufika, ataingia chumba cha mtihani akiwa na kichwa hicho peke yake, na nyuma yake wanne wasio na hata hicho. Filimbi ya treni ikalia. Mulumba alikuwa ameshaanza kufunga kitenge, fundo juu ya fundo, akamsogezea.

"Peleka. Njia ya getini itafungwa."

"Hapana," Adolphine akasema. "Inaenda na ninyi."

"Mama, ile iko ya batoto ba masomo."

"Na hawa? Hawa si batoto ba masomo?"

"Bale tisa utabafundisha na nini?"

Hesabu alikuwa ameikimbia kwa miaka kumi na mitano, na sasa jibu la swali hilo lilikuwa tayari kinywani, bila kulitafuta.

"Miye niliandika zote na huu mukono, Prof. Nyuma nikazifungua zote na hii kichwa. Nitaandika tena."

Aliliinua bonge la kitenge mwenyewe, akalipitisha kwa Kalombo, ambaye alikuwa ameshapanda behewa. Kalombo alilikalia, kwani hapakuwa na mahali pengine, kisha akaona haya, akaliweka mapajani. Mama Tshiela alimwambia Adolphine kwa haraka jina la nesi aliyebaki na maboksi ya filamu, na kwamba maji ya javel yasiwe makali mno, yanaunguza vidole. Mulumba alimshika Adolphine mkono, ule ule wa kuandikia, kwa mikono yake miwili, akaushika mpaka behewa likatikisika. Adolphine alilia mbele za watu na hakujali. Treni ilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, ikapita nyumba zenye alama, na watu juu yake walikuwa wanatazama kila moja.

Jumatatu tisa walikuta dirisha tupu, na hasira yao ilikuwa kubwa. Dodo aliuliza Milango iko wapi. Adolphine alisema imeenda na wenzao. Kwanza aliwarudisha kwenye lile swali la Jumamosi. Aliuchora mlima ubaoni, akawaachia wenyewe watafute upande, akawaambia: wote tulianguka, na mimi nilianguka kwanza. Joyeuse aliinamisha kichwa.

Kisha akatundika ubaoni karatasi moja kubwa ya manila yenye vipande vya katoni, wino ukiwa bado unanuka. Mfano huu haukuwa wa Mulumba. Aliutunga yeye Jumapili, baada ya misa, akafuta mara sita. Kipeuo cha pili cha x kuongeza 6 ni sawa na x: √(x + 6) = x. Aliweka kidole juu ya mlango wa kwanza, akangoja.

Wakasema tuzidishe kila upande kwa wenyewe: x + 6 = x². Akafungua. Wakasema tulete upande mmoja: x² − x − 6 = 0. Akafungua. Wakasema mabano mawili, x − 3 na x + 2, zao lao ni sifuri. Akafungua. Mlango wa nne Dodo aliusema kwa kujiamini: x ni 3, au x ni −2, majibu ni mawili. Adolphine alifungua. Nyuma yake palikuwa pameandikwa hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri: majibu ni 3 na −2.

Hakuna aliyeshangilia. Adolphine alirudi nyuma hatua moja, karatasi ionekane yote. Aliogopa, maana kama hawaoni, basi Jumamosi alitoa chakula cha watoto tisa akawapa watano, na hakuwa na kingine cha kuwapa. Nje mtu alikuwa anavunja tofali. Dodo alitazama karatasi, akamtazama Madame, akatazama tena karatasi.

Joyeuse alisimama. Hakuinua mkono kwanza, kama ilivyo desturi.

"Madame, pale hapana. Weka −2. Ndani inakuwa 4, kipeuo chake ni 2. Na upande ingine iko −2. Mbili haiwezi kuwa −2." Sauti ilikuwa inampanda. "Ile hatua ya kuzidisha njo imeileta. Jibu iko moja tu, 3. Mulango unabeya!"

"Unasema mulango unabeya?" Adolphine akauliza, mkali. "Mi njo nimeandika."

Joyeuse hakukaa.

"Ndiyo, Madame. Hata kama ni weye."